Vivumishi vya Kiingereza: kipi kitangulie?

Ninasahihisha Kiingereza cha maelezo ya nyumba za wageni hapa Unguja, na kinachonirudisha nyuma mara nyingi ni vivumishi vilivyopangwa ovyo. Juzi nililetewa hii: "a wooden old beautiful big door". Tahajia ni safi na maana inaeleweka, lakini Mwingereza atajikwaa kabla hajafika kwenye mlango wenyewe.

Sisi tukisema mlango mkubwa mzuri au mlango mzuri mkubwa, hakuna wa kukunja uso. Kiingereza huweka vivumishi kabla ya nomino, na kila kimoja kina zamu yake: kwanza maoni ya msemaji, kisha ukubwa, kisha umri. Rangi, mahali kitu kilipotoka na kilichotumika kukitengenezea vinakuja baadaye.

Badala ya kukariri orodha, mimi huanza na nomino na kurudi nyuma, nikijiuliza ni sifa gani haina ubishi. Mlango huu ni wa mbao, nani atakataa? Basi "wooden" inakaa ubavuni mwa "door". Umri unafuata, "old". Ukubwa unategemea umeuzoea mlango wa namna gani, kwa hiyo "big" inasogea mbali kidogo. Uzuri ni wa macho yako mwenyewe, na "beautiful" inakwenda mwanzo kabisa. Tunapata "a beautiful big old wooden door". Bado ni msururu mrefu, na ningeifuta "beautiful", maana picha iko pale pale juu ya maelezo.

Makosa hayalingani uzito. "A big beautiful door" wengi wataipokea bila neno, kwa sababu maoni na ukubwa hubadilishana nafasi kwa urahisi. "An old big door" inakwaruza. "A wooden big door" inamwonyesha msomaji mara moja kwamba mwandishi ni mgeni wa lugha.

Kuna wakati mpangilio uliopinduliwa ndio unaotakiwa. Ikiwa nyumba ina milango mikubwa miwili, mmoja wa kale na mwingine mpya, unaweza kumwelekeza mgeni "the old big door", ukiikazia sauti "old". Hapo unachagua kati ya milango mikubwa. Ila kwenye maandishi mkazo huo hausikiki, kwa hiyo andika tu "the older one".

Mtego mwingine uko kwenye menyu ya asubuhi. Kanuni inasema rangi hutangulia nchi, mtu akaandika "black Kenyan tea" akidhani amepatia. Lakini "black tea" ni jina la aina ya chai, ile ya majani yaliyoachwa yageuke meusi kwa hewa, na jina halikatwi katikati. Andika "Kenyan black tea". Ile nyingine mgeni anaweza kuielewa kuwa ni chai ya Kenya isiyotiwa maziwa.