Excel ya mtunza stoo kwenye wasifu wa kazi

"Nina miaka 53, nimetunza stoo miaka 19. Kazi ninayoiomba inataka ujuzi wa kompyuta. Najua kujumlisha kwenye Excel na kutuma barua pepe, basi. Niandikeje bila kudanganya na bila kujishusha?"

Dada, sehemu hiyo niliijaza nikiwa na miaka 51, nikiomba ukarani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kijana aliyenichapia wasifu aliandika "Kompyuta: vizuri sana", nami nikaiacha hivyo. Siku ya usaili nikawekwa mbele ya mashine yenye faili la mauzo, mistari 40, nikaambiwa nitoe jumla ya fedha. Nikaandika:

```
=SUM(E2:E41)
```

Jumla ikaja, nikaitaja, nikashukuru. Kumbe ilikuwa pungufu. Fomula haikuwa na kosa. Baadhi ya bei zilikuwa zimeingizwa kama tunavyoandika daftarini, 45,000/=, na Excel ikikuta alama hiyo ya mwisho huichukua bei hiyo nzima kuwa maandishi. SUM huyaruka maandishi kimya kimya. Kazi sikupata.

Nilipokuja kufundishwa, nikaona dalili zilikuwa wazi. Kama hakuna aliyebadili mpangilio, namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa kushoto. Ukitaka uhakika, andika hizi mbili kwenye seli tupu, kila moja na seli yake:

```
=COUNT(E2:E41)
=COUNTA(E2:E41)
```

Ya kwanza huhesabu seli zenye namba tu, ya pili huhesabu zote zisizo tupu. Ikitoka 31 na 40, bei tisa hazimo kwenye jumla yako. Chagua safu hiyo ya bei, bonyeza Ctrl+H, kwenye "Find what" andika `/=`, kwenye "Replace with" usiandike kitu, kisha "Replace All". Rudi uangalie jumla, utaona imepanda.

Ndiyo maana nakusihi usiandike "vizuri sana", wala "kiasi". Maneno hayo kila msomaji huyapima kwa kipimo chake. Andika kazi unayoifanya kwa mkono wako. Ila kabla ya kuandika, jipime hivi: fungua faili tupu, juu weka Bidhaa, Salio la mwanzo, Yaliyoingia, Yaliyotoka, Salio. Jaza mstari mmoja wa saruji: mifuko 120 ya mwanzo, imeingia 50, imetoka 65. Kwenye E2 andika:

```
=B2+C2-D2
```

Ikupe 105. Halafu ivute fomula hiyo hadi mistari ya chini. Ukiweza bila kumwita mtoto, una haki ya kuandika "naandaa jedwali la stoo". Kama kazini ulikuwa unajaza faili ambalo fomula ziliwekwa na mhasibu, andika "najaza faili la stoo lililokwishaandaliwa". Hilo nalo ni ujuzi, lakini ni ujuzi mwingine, na anayeajiri atautofautisha ndani ya dakika tano.

Baada ya hapo mimi niliandika hivi, na wewe badilisha kadiri ya ukweli wako:

"Excel: naingiza mapokezi na matoleo ya kila siku, natumia fomula za kujumlisha na kutoa kupata salio, kila mwisho wa mwezi nalinganisha salio la faili na hesabu ya mzigo uliopo stoo."

Kipande hicho cha mwisho ndicho nilichoulizwa zaidi kwenye usaili uliofuata, na hapo nilikuwa na ya kusema, maana kulinganisha leja na mzigo nilikuwa nikifanya tangu enzi za karatasi. Waliponiuliza VLOOKUP, fomula ya kutafuta taarifa kwenye jedwali, nikajibu nimeona ikitumika, sijaiandika mwenyewe. Wakaendelea na swali jingine. Kwenye wasifu sikuigusa.

Barua pepe ina mtego wake. Wengi wa rika letu tunasema tunatumia, kumbe imefunguliwa kwenye simu na mwanao, nywila anaijua yeye, na ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye namba yake. Ukiambiwa uingie kwa mashine ya ofisi, unakwama mlangoni. Kwa hiyo kwanza hakikisha nywila unaijua na namba ya uthibitisho ni yako. Kisha jitumie ankara moja ya PDF, uone kama imefika na inafunguka. Jua pia kwamba "Reply" hujibu mtumaji peke yake, na "Reply all" huwafikia wote waliomo. Ukishayamudu hayo, andika: "Barua pepe: naandika, najibu na kuambatisha ankara na hati za mapokezi." Kama hujawahi kuambatisha kitu, kiondoe kipande hicho mpaka utakapokuwa umefanya, hata leo jioni.