Kinena kimevimba na nina kisukari: ni fangasi tu au ni jambo la hatari?

*Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 54, kisukari mwaka wa tisa sasa, natumia metformini na glibenklamidi. Nilikuwa na fangasi za kinena kama wiki tatu, zinawasha tu, duka la dawa wakanipa krimu. Tangu jana mchana upande wa kulia pamevimba, ngozi ni nyekundu inang'aa, na uvimbe umeshuka hadi kwenye mfuko wa pumbu na nyuma yake. Haiwashi tena, inauma mpaka siwezi kukaa. Homa sina. Sukari leo asubuhi 19, kawaida yangu ni 9 au 10. Duka la dawa wanasema fangasi zimekomaa, nibadilishe krimu nisubiri siku saba. Nisubiri? Hospitali naona aibu, zamu nyingi ni mabinti.*

Kaka, usisubiri siku saba, wala usisubiri kesho. Nenda sasa hivi kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na daktari wa upasuaji. Ukifika mapokezi sema hivi: "Nina kisukari, pumbu zimevimba tangu jana, maumivu yanazidi, sukari ni 19." Usiseme una fangasi, maana utapangwa foleni ya ngozi. Haya mengine utayasoma njiani, au atakusomea anayekusindikiza.

Siwezi kukupa jina la ugonjwa bila kukugusa. Ila ulichoeleza hakifanani na fangasi, na kuna ugonjwa mmoja ambao lazima uondolewe kwenye orodha leo hii. Unaitwa gangrini ya Fournier, kwa jina la Jean-Alfred Fournier, daktari wa Paris aliyeueleza mwaka 1883. Ni maambukizi ya bakteria yanayoua nyama laini chini ya ngozi ya sehemu za siri na ya msamba, yaani pale kati ya pumbu na njia ya haja kubwa. Wagonjwa wengi tunaowapata nao wana kisukari.

Nianze na fangasi, ili uone kwa nini nimekataa. Fangasi wa choa, wanaoshika kinena cha wanaume wengi, wanaishi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile ambalo tayari limeshakufa na linabanduka lenyewe. Hawashuki chini ya hapo. Ndiyo maana kazi yao ni kuwasha. Wanatambaa taratibu kwa wiki kadhaa, wanaacha ukingo uliojichora wenye magamba na katikati panaanza kupona, na mara nyingi wanaishia kwenye paja bila kugusa mfuko wa pumbu. Wapo pia fangasi wa kandida, ambao wanapenda sana sukari. Hao wanaushika mfuko wa pumbu na kichwa cha uume, ngozi inakuwa na majimaji, na nje ya ukingo unaona vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika. Kandida huchoma, hasa ukitoka jasho au mkojo ukigusa. Lakini hata hao hawaivimbishi nyama ya ndani mpaka mtu ashindwe kukaa.

Kwako muwasho umeondoka na maumivu yamekuja. Kilichochukua wiki tatu kutambaa kimesambaa ndani ya siku moja. Hapo kilichobadilika si ukali wa fangasi, bali ni ugonjwa mwingine umeingia. Nafikiri mlango ulikuwa ngozi iliyokatika kwa kujikuna. Kwa wengine mlango huwa jipu karibu na njia ya haja kubwa, mkato wa wembe wakati wa kunyoa, au mpira wa mkojo. Bakteria wanaoingia mara nyingi ni wa aina kadhaa kwa pamoja, wakiwemo wa kwenye utumbo, na baadhi yao hawahitaji hewa kabisa.

Wakishapita ngozi wanafuata utando unaofunika misuli, ambao ni mwembamba na una damu kidogo. Wanatembea juu ya utando huo kama maji yanavyopita chini ya zulia: juu unaona unyevu kidogo, chini chumba kizima kimelowa. Njiani damu inaganda kwenye mishipa midogo inayolisha ngozi, na ngozi inaanza kufa ikiwa imekosa chakula kutoka chini. Kwa hiyo ngozi ndiyo ya mwisho kuonyesha kinachoendelea. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni maumivu makubwa kupita kile jicho linachoona, yanayovuka hata ukingo wa wekundu, mahali ambapo ngozi bado inaonekana nzima.

Neno moja kuhusu huo wekundu. Wewe umeuona, lakini kwenye ngozi nyeusi sana hauonekani kama kwenye picha za vitabuni. Unaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, imevutika, inang'aa kama iliyopakwa mafuta, na mikunjo ya kawaida ya mfuko wa pumbu imepotea. Gusa kwa kiganja: panakuwa na joto na pagumu. Ukibonyeza taratibu ukasikia vitu vinapasukapasuka chini ya vidole, hiyo ni gesi ya bakteria. Malengelenge yenye maji ya rangi ya damu, doa jeusi na harufu ya kuoza huja baadaye. Kuna na jambo linalowadanganya watu wengi: maumivu yanapungua ghafla na pale mahali panakufa ganzi. Mgonjwa anadhani anapona, kumbe mishipa ya fahamu imekufa.

Kukosa homa hakunitulizi. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na maambukizi mazito bila mwili kupanda joto. Kwangu homa yako ni hiyo 19. Sukari inayoruka maradufu bila kubadilisha chakula wala kuacha dawa inasema mwili unapigana na kitu. Ukianza kuhema haraka, kutapika, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, sumu imeshaingia kwenye damu.

Kabla hujatoka, chukua kalamu ya wino uchore mstari kwenye ukingo wa uvimbe na uandike saa pembeni. Kama mstari umevukwa ukifika hospitali, mwonyeshe daktari. Picha ya simu nayo inafaa. Usimeze diklofenaki: itaficha maumivu ambayo daktari anayahitaji kupima hatari, na figo zako sasa hivi hazitaki mzigo huo. Usikande kwa maji ya moto, usipake spiriti wala majani. Usile tena mpaka uonwe, maana huenda ukaingia chumba cha upasuaji, na kwa sababu hutakula usimeze glibenklamidi. Sukari yako watairekebisha kwa insulini. Beba dawa zako zote na hiyo krimu. Kama kilicho karibu ni zahanati pekee, ingia, uwekewe dripu na dozi ya kwanza ya sindano za antibayotiki, kisha wakuandikie rufaa saa hiyohiyo. Usikubali kuchanwa kidogo usaha utoke halafu urudishwe nyumbani.

Kuhusu aibu: daktari atahitaji kuinua mfuko wa pumbu na kuangalia msamba wote hadi kwenye njia ya haja kubwa. Una haki ya kuomba akuangalie mwanaume, na kama yupo ataitwa. Kama hayupo, vua hivyohivyo. Usiruhusu mtu akuandikie dawa bila kukuangalia sehemu hiyo. Nimeona wagonjwa waliosema "nina uvimbe huku chini" wakaondoka na vidonge wakiwa bado wamevaa suruali.

Watakupima damu, figo, sukari na mkojo. Picha ya eksirei au altrasaundi inaweza kuonyesha gesi, na CT huonyesha vizuri zaidi, lakini picha isiyo na gesi haimsafishi mtu, na mgonjwa anayezidiwa hapaswi kukaa kusubiri picha. Daktari wa upasuaji akibaki na shaka anafungua sehemu ndogo na kuingiza kidole. Nyama yenye afya inatoa damu na imeshikana. Nyama iliyokufa ni ya kijivu, haitoi damu, inatoa maji machafu yenye harufu, na kidole kinapita kati ya matabaka bila kizuizi. Hapo hakuna mjadala tena.

Watu huuliza kwa nini sindano pekee zisitoshe. Antibiotiki inasafiri ndani ya damu, na damu haifiki tena kwenye nyama ile. Dawa watakupa, kwa kawaida mchanganyiko unaoshika bakteria wa aina zote, mathalani seftriaksoni, metronidazoli na klindamisini, lakini kinachookoa ni kukata nyama yote iliyokufa mapema. Baada ya saa 24 hadi 48 wanakurudisha chumba cha upasuaji kuangalia kama imebaki, na wengine hurudishwa zaidi ya mara mbili. Kidonda kinaachwa wazi, kinasafishwa kila siku, na baadaye kinashonwa au kuwekewa ngozi ya paja. Korodani zenyewe mara nyingi zinapona, kwa sababu damu yake inatoka juu tumboni kwa njia tofauti na ya ngozi inayozifunika. Nakuambia hili kwa kuwa wanaume wengi hukataa kusaini wakiogopa kuhasiwa. Hata kwa matibabu mazuri ugonjwa huu huua karibu mmoja kati ya watano, pengine zaidi, na wanaochelewa ndio wengi kwenye hesabu hiyo.

Inawezekana pia wakakuta jipu, maambukizi ya ngozi ya juu au ya korodani yenyewe. Ningefurahi. Hayo nayo hayatibiwi kwa krimu.

Wasomaji wengine wenye kisukari na kinena kinachowasha tu, bila uvimbe na bila maumivu, hawana haja ya kukimbia usiku. Klotrimazoli mara mbili kwa siku, paka hadi vidole viwili nje ya ukingo, wiki mbili hadi nne, na usiache siku ile muwasho unapoisha. Kausha mikunjo kabla ya kuvaa. Kaeni mbali na zile krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni: zinazima wekundu na muwasho ndani ya siku mbili huku fangasi wakinawiri, na zinapunguza ulinzi wa ngozi ile ile tunayotaka isipasuke. Mkiandikiwa vidonge vya flukonazoli na mnatumia glibenklamidi, mwambieni mwandikaji, kwa sababu flukonazoli inaipa glibenklamidi nguvu zaidi na sukari inaweza kushuka vibaya.

Na wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini, zile dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo: fangasi za uume ni za kawaida kwenu, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba gangrini ya Fournier imeonekana kwa watumiaji wachache. Hatari ni ndogo, msiziache kwa kusoma hapa. Ila maumivu na uvimbe wa sehemu za siri vikianza, acheni kidonge cha siku hiyo na mwende mkaonwe siku hiyohiyo, na kidonge mkiwa nacho mkononi.