Gari ni la mtu wa tatu: unafanyaje kabla ya kutoa pesa?

"Jamani, nimepata Probox hapa Malindi, bei laki sita. Muuzaji anayo logibuku mkononi, lakini jina lililomo ni la mtu wa Nairobi aliyemuuzia yeye mwaka juzi. Anasema nilipe, tuandikiane kwa wakili, jina nitabadilisha mwenyewe polepole. Ni sawa?"

Si sawa, na tatizo si wakili. Uhamisho hauanzishwi na aliyeshika gari wala aliyeshika logibuku. Unaanzishwa na yule aliyesajiliwa, kwa akaunti yake ya eCitizen, ndani ya serviceportal.ntsa.go.ke. Huyo wa Nairobi ndiye anayeingiza namba ya gari na maelezo yako, na wewe unakubali kwa akaunti yako na kulipa ada, ambayo hupangwa kwa ukubwa wa injini. Muuzaji wako hana mahali pa kubonyeza. Mkataba wa wakili ni ushahidi wa pesa mlizopeana, lakini haugusi sajili.

Hata yeye mwenyewe alikwama hapo. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inasema gari likishabadilisha mwenyewe, lisitumike zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye mpya kusajiliwa. Na kwa sheria hiyo hiyo, aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Likigonga mtu pale Gede, wa kwanza kutafutwa ni yule wa Nairobi, ndiyo maana wengine wenye busara hukubali haraka wakipigiwa simu. Hiyo ndiyo turufu yako.

Kwanza omba nakala ya kumbukumbu za gari kwenye lango hilo hilo. Usitegemee picha ya logibuku ya WhatsApp, wala karatasi yenyewe, maana inaweza kuwa ya zamani au ya kughushi. Kwenye nakala tazama majina. Ukiona mawili, moja la benki au kampuni ya mikopo, gari lina deni, na halihami mpaka mkopeshaji aliachie. Mkopo mwingine hauonekani kwa jina la pili, kwa hiyo tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Na muuzaji akisema "logibuku imepotea", uliza kwanza kama haijalala kwa mkopeshaji wa mjini.

Halafu fungua boneti. Namba ya chesisi imepigwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini; kwa Probox nyingi za zamani huanza na NCP. Isome herufi kwa herufi, na upitishe kidole: ikiwa chuma kimesagwa au rangi yake ni mpya kuliko ya pembeni, ondoka. Namba ya injini nayo ilinganishe. Injini iliyobadilishwa si wizi, Probox hubadilishwa injini kila siku, lakini mabadiliko hayo yawe yameandikwa kwenye sajili kabla hujanunua, siyo mzigo wako baadaye.

Sasa pesa. Mkataba uandikwe wa watu watatu: wa Nairobi anakiri alimuuzia huyu na hana dai, huyu anakuuzia, na wote wanakubali uhamisho uende moja kwa moja kwako. Wa Nairobi asipotaka hivyo, basi ahamishe kwanza kwa muuzaji wako, naye akuhamishie wewe. Ada itakuwa mara mbili, na ya kwanza alipe muuzaji, deni ni lake. Kwa laki sita, toa 60,000 ya kushika, irudishwe ikiwa uhamisho haujafika kwa tarehe mliyoandika. Ile 540,000 ibaki kwa wakili, itoke siku nakala mpya ya kumbukumbu inaonyesha jina lako. Neno "ombi limepokelewa" kwenye skrini halitoshi. Ombi hukataliwa, mara nyingi kwa PIN ya KRA au namba ya chesisi isiyolingana.

Akiulizwa wa Nairobi ikasemekana amefariki, simama hapo hapo. Mtoto wake hawezi kuhamisha, hata awe na kitambulisho na simu ya marehemu. Inahitajika hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Familia ya Kiislamu hapa huweza kuipeleka kwa Kadhi. Hilo ni suala la miezi, na gari lingine la laki sita lipo.

Na dalali akikupa fomu zilizosainiwa tupu "ujaze mwenyewe", jua anauza gari ambalo hajui mwenyewe yuko wapi. Bima nayo usiendeshe kwa stika ya mwenye zamani: ile ni mkataba wake na kampuni yake, haikufuati wewe ukinunua. Kata yako siku unayochukua funguo.