Majina yameharibika kwenye CSV

“Nimetoa jedwali kwenye PDF. Nikifungua CSV kwa Excel, José inakuwa JosÃ© na Ng’ang’a inakuwa Ngâ€™angâ€™a.”

— Badilisha kwa Ctrl+H tu, mbona rahisi.

— Hiyo itamchosha, kila herufi ina uchafu wake. Faili huenda ni zima: é kwenye UTF-8 ni baiti mbili, C3 na A9, na Excel inasoma kila baiti kama herufi. Usibofye faili, pitia Data > From Text/CSV, kwenye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8). Kama unatoa CSV kwa pandas, ihifadhi hivi ili Excel itambue UTF-8 yenyewe:

```python
df.to_csv("majina.csv", index=False, encoding="utf-8-sig")
```

Usihifadhi juu ya faili la awali.

— Faili langu mimi linaonyesha “Jos?”.

— Ukilifungua kwa Notepad bado ni alama ya kuuliza? Basi herufi imepotea, toa jedwali upya.