Maswali yenu: chati ndefu ya mteja iwe makala fupi, dawa itangulie

Shikamoo. Nipo huduma kwa wateja hapa Moshi. Nina chati ya mteja mmoja mwenye steshenari, imeanza asubuhi ikaisha jioni. Meneja anataka makala ya msaada isiyozidi ukurasa mmoja. Nianze kusoma wapi?

Marahaba. Anza mwisho, upande kwenda juu. Tafuta meseji ambayo mteja mwenyewe anasema mambo yamekaa sawa, kisha usome kilichofanyika kabla yake.

Katika chati uliyonitumia, mteja alianza na "intaneti haifanyi kazi". Mhudumu akamuuliza kuhusu bando, akamwambia azime ruta na kuiwasha, halafu afute historia ya Chrome. Hakuna kilichosaidia. Jioni mteja akatuma picha ya skrini yenye maneno `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, na pembeni tarehe ya kompyuta inasoma mwaka 2015. Akaambiwa abonyeze `Sync now`, ikagoma. Akaambiwa aandike tarehe kwa mkono, na muda si mrefu akaandika "imefunguka".

Usiandike bado. Muda huohuo mteja alikuwa ameacha Wi-Fi ya dukani akaunganisha kompyuta kwenye simu yake. Mambo mawili yamebadilika kwa pamoja, na chati peke yake haiwezi kukuambia lipi limeponya. Chukua kompyuta ya ofisini, irudishe mwaka 2015 bila kugusa mtandao, ufungue tovuti. Ikigoma kwa maneno yaleyale, rudisha tarehe ya leo. Ikifunguka, umepata dawa.

Sababu yake inaeleweka: kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta hukilinganisha na saa yake yenyewe. Kwa kompyuta iliyobaki 2015, cheti cha mwaka huu bado hakijaanza. `Sync now` nayo iligoma kwa sababu Windows ya kawaida, saa yake ikipishana na saa sahihi kwa zaidi ya saa 15, hukataa kujirekebisha yenyewe. Kwa hiyo hatua hiyo haiingii kwenye makala, hata kama kwenye chati ilitangulia. Mpangilio wa chati ni historia ya kutafuta, na msomaji wako hatafuti tena.

Dawa ikitangulia, mteja atajuaje kwamba ni yake? Anaweza kufuata hatua zisizomhusu. (Sakina, Arusha)

Kazi hiyo ifanywe na kichwa cha habari pamoja na sentensi moja chini yake. Kichwa kibebe anachokiona mteja, na maneno ya kwenye skrini yanakiliwe herufi kwa herufi, kwa sababu ndiyo atakayoyaandika anapotafuta. "Tatizo la cheti" ni jina letu sisi, mteja halijui. "Intaneti haifanyi kazi" nayo inabeba matatizo mengi mno. Kwa chati ile ya Moshi, ningeandika hivi:

*Kompyuta haifungui tovuti, inaandika* `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`

*Rekebisha tarehe na saa ya kompyuta, tovuti zitafunguka. Inakuhusu kama tarehe ya kompyuta si ya leo, na simu yako inafungua tovuti hizohizo kwa Wi-Fi hiyohiyo.*

*1. Fungua* `Settings`*, kisha* `Time & language`*, kisha* `Date & time`*.*

*2. Zima* `Set time automatically`*, na* `Set time zone automatically` *kama imewashwa.*

*3. Penye* `Time zone` *chagua* `(UTC+03:00) Nairobi`*.*

*4. Penye* `Set the date and time manually` *bonyeza* `Change`*, weka tarehe na saa ya sasa. Saa mbili asubuhi iandike 8:00 AM.*

*5. Washa tena* `Set time automatically`*. Funga Chrome, uifungue upya.*

*Ikigoma, tutumie picha ya skrini nzima, saa ya kompyuta ionekane.*

Hatua ya 3 na ya 4 zinastahili maelezo. Mtu wa Moshi atatafuta Dar es Salaam au Dodoma kwenye orodha ile asiione, na asipoambiwa achague Nairobi ataishia hapo. Saa nayo ina mtego wake. Anayesoma saa kwa Kiswahili anaweza kuandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi. Tovuti nyingi zitafunguka tu, maana vyeti vyake vilianza siku nyingi kabla, lakini muda kwenye kompyuta utakuwa nyuma kwa saa 6 na risiti zake zitatoka na saa isiyo sahihi. Kosa la namna hiyo halionyeshi dalili kwenye skrini, ndiyo maana lizuiwe ndani ya hatua yenyewe.

Bosi wangu anasema sababu ije kwanza ili mteja aelimike. (Njiro, Arusha)

Mwenye steshenari ana watu wamesimama mbele ya kaunta wanasubiri kuchapishiwa fomu. Mpe hatua kwanza. Sababu iwe sentensi moja au mbili chini ya hatua, atakayependa ataisoma. Kinachoweza kutangulia hatua ni onyo, pale tu hatua yenyewe inapoweza kumpotezea mtu kitu.

Makala tuliyotoa ni kama hiyo, lakini mteja amerudi siku ya pili baada ya umeme kukatika. Tumekosea?

Hatua zenu ni sahihi, zimeishia njiani. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo bapa ya duara, mara nyingi imeandikwa CR2032, ya volti 3, inayotunza saa wakati hakuna umeme. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma. Dalili yake ni hiyohiyo: tarehe inakaa vizuri mchana kutwa, inapotea baada tu ya kompyuta kukosa umeme.

Ongezeni aya moja chini ya hatua, yenye kichwa "Ikirudi kila umeme unapokatika", mseme betri hiyo ibadilishwe na fundi. Msimwambie mteja afungue kompyuta mwenyewe, na kwa laptopu msitaje namba ya betri, maana hutofautiana. Makala ya pili haihitajiki, kwa kuwa mteja anaanza na maneno yaleyale kwenye skrini. Na mnapochagua chati ya kuandikia, angalieni kama mteja huyohuyo alirudi siku zilizofuata. "Imefunguka" ya jioni haisemi lolote kuhusu kesho asubuhi.

Naweza kutumia picha ya skrini aliyotuma mteja?

Hapana, piga yako kwenye kompyuta ya ofisini. Ya mteja ina anwani zake za barua pepe, majina ya mafaili, pengine ukurasa wa benki uliobaki wazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria hiyo, alikutumia wewe umsaidie.

Nitajuaje kwamba makala inaeleweka? (Majengo, Moshi)

Irudishe kompyuta 2015, umkalishe mwenzako asiyeijua chati hiyo, umpe makala kisha unyamaze. Anapokuuliza kitu, usimjibu. Andika swali lake, kwa kuwa jibu lake ndilo linalokosekana kwenye hatua aliyokwamia.