Mafungu ya deni la kodi: panga kwa kusi, si kwa kaskazi

Wewe unayeanza kuwashughulikia watu kodi hapa Mombasa, kuna kazi moja utakayoletewa mapema kuliko unavyodhani. Mtu anayejitegemea anaingia na karatasi ya makadirio kutoka KRA, deni limeshathibitika, pesa zote kwa pamoja hana, na anataka umwandikie ombi la kulipa kwa mafungu. Hesabu inayokuja haraka kichwani ni kuchukua deni na kuligawa kwa 12. Nakusihi usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na aliyeumia ni mteja wangu.

Alikuwa mama mpishi wa harusi. Niligawa deni lake sawasawa kwa miezi 12, ombi likakubaliwa, nikafurahi. Ramadhani ikaingia, harusi zikasimama, na mwezi huo fungu halikulipwa. Sikuwa nimekisoma vizuri kifungu cha 33 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015. Kinasema kwamba ukiruhusiwa kulipa kwa mafungu, kisha ukashindwa hata fungu moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Basi mpango wote ulivunjika kwa mwezi ambao kila mtu mjini anajua hauna harusi. Nilipaswa kuujua na mimi.

Tangu hapo nina kanuni moja: fungu la kila mwezi linapimwa kwa mwezi mbaya kuliko yote, na pesa za miezi mizuri zinaletwa kama mafungu makubwa yenye tarehe zake. Nitakuonyesha kwa fundi mmoja wa AC wa Kisauni, mtu mzima kuliko mimi, ambaye biashara yake inafuata upepo. Kaskazi ikivuma, joto linapanda na simu yake hailali. Kusi ikiingia, watu wanafungua madirisha na kazi inapungua.

Kabla ya kuzungumzia mafungu, tulihakikisha kwanza kwamba deni ni la kweli. Hili ni jambo la siku 30 tangu mtu apate taarifa ya makadirio, kwa sababu huo ndio muda wa kuweka pingamizi. Fungua leja yake kwenye iTax, ulinganishe na hati za kodi ya zuio alizopewa na wateja waliomkata. Hoteli huwakata mafundi na kuwapa hati, na hati hizo hulala ndani ya simu bila mtu kuzidai kwenye ritani. Ikiwa sehemu ya deni ina utata na sehemu haina, pingamizi halikamiliki mpaka ile sehemu isiyobishaniwa iwe imelipwa, au awe ameomba muda wa kuilipa. Kwa hiyo wakati mwingine barua ya pingamizi na ombi la mafungu huenda pamoja. Kwa fundi wetu hapakuwa na ubishi. Mwisho wa Februari deni lilikuwa hivi: kodi yenyewe Sh 240,000, adhabu ya kuchelewa kulipa ya asilimia 5 Sh 12,000, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa miezi 10 Sh 24,000. Jumla Sh 276,000.

Ukigawa kwa 12 unapata Sh 23,000 kwa mwezi. Nilimtajia makusudi, nione atasemaje. Akaniuliza, "Mwanangu, hizo elfu ishirini na tatu za Juni nitazitoa wapi?"

Hilo ndilo swali la kulijibu kwa karatasi. Tulichukua taarifa za M-Pesa na za benki za miezi 12, tukaandika mwezi kwa mwezi pesa iliyoingia kweli. Hapa uwe makini sana, usitumie ankara. Fundi huyu anafanya kazi za hoteli kule Shanzu, na hoteli ikipewa ankara Desemba inaweza kulipa Februari. Ukipanga kwa ankara, utaona Desemba imejaa pesa ambazo mfukoni hazipo. Wenye nyumba hulipa siku ileile, hoteli husubirisha, na taarifa ya benki ndiyo inayokwambia ukweli wa zote mbili.

Kutoka kwenye kila mwezi tulitoa gharama za kazi, yaani gesi, mabomba ya shaba, mshahara wa kijana anayemsaidia na nauli. Tukatoa matumizi ya nyumbani. Kisha tukatoa kitu ambacho wageni wa kazi hii hukisahau karibu kila mara, kodi ya mwaka huu unaoendelea. Mtu ambaye kodi yake ya mwaka inazidi Sh 40,000 anatakiwa kuilipa kwa awamu nne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Hiyo ni kodi ya awamu, na haihusiani na mafungu ya deni la zamani, ingawa majina yanakaribiana na watu huchanganya. Tazama ilivyokaa: awamu ya Juni inaangukia katikati ya kusi. Ukimpangia deni la zamani bila kutenga hiyo, atalipa la zamani huku akizaa jipya, na mwakani mtarudi mezani kwa jambo lilelile.

Baada ya kutoa yote hayo, Juni ilibakiza Sh 9,000. Miezi mingine ya kusi ilikuwa juu kidogo tu ya hapo. Kuanzia Desemba mpaka Machi kila mwezi ulibakiza si chini ya Sh 52,000. Mtu ni yuleyule, ufundi ni uleule, na tofauti ni karibu mara sita. Ndiyo maana wastani unadanganya.

Ombi letu la kwanza lilisema atatanguliza Sh 40,000 Machi, kisha Sh 8,000 kila mwezi, na makubwa yaje kaskazi. Afisa aliyelishika faili aliona 8,000 ni ndogo, akataka 15,000. Hapa ndipo wengi hukubali kwa woga, maana mtu anataka atoke pale na jibu. Usikubali namba ambayo jedwali lako mwenyewe linasema haiwezekani. Tulimwonyesha mstari wa Juni kwenye taarifa ya benki, tukamwambia kwamba 15,000 italipwa Aprili na kukosekana Juni, na hapo hakuna atakayefaidi. Badala yake tukaongeza pale palipokuwa na nafasi. Fundi alikuwa na AC mbili alizozikarabati zikiwa stoo, akaziuza, na malipo ya kutanguliza yakapanda hadi Sh 60,000. Kwa nilivyoona, kitangulizi kizuri na mwisho usiozidi mwaka ndivyo vinavyomtuliza afisa kuliko ukubwa wa fungu la kila mwezi.

Mpango uliokubaliwa ukawa huu. Machi Sh 60,000, salio likawa 216,000. Aprili hadi Novemba, miezi minane, Sh 8,000 kila mwezi, jumla 64,000, salio 152,000. Desemba, Januari na Februari Sh 40,000 kila mwezi, salio 32,000. Machi inayofuata anamaliza 32,000 pamoja na riba iliyoendelea kuzaliwa.

Hiyo riba mweleze mteja mapema na waziwazi. Kukubaliwa mafungu hakusimamishi riba. Inaendelea kwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya kodi ambayo bado haijalipwa, na si riba juu ya riba. Tulihesabu kwamba, malipo yakishusha kodi yenyewe kwanza, kutoka Machi hadi Machi itafika kama Sh 16,800, kwa hiyo fungu la mwisho lingekuwa karibu Sh 48,800. Bado liko chini ya zile 52,000 za mwezi wa kaskazi. Kama lingezidi, tungelazimika kupanga upya kabla ya kutia sahihi.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja PIN, mwaka wa kodi, kiasi cha deni, sababu, na kila fungu na tarehe yake. Sababu usiandike "hali ngumu ya uchumi", kwa kuwa kila mtu anaiandika. Tuliandika hivi: "Mapato yangu hupungua Aprili hadi Novemba kwa sababu kazi ya mashine za baridi hufuata msimu wa joto, na wateja wa hoteli hulipa baada ya miezi miwili, kama taarifa za benki zilizoambatanishwa zinavyoonyesha." Sheria inampa Kamishna siku 30 kujibu kwa maandishi. Katika siku hizo usikae bure, mteja aanze kulipa kitangulizi. Deni lisilo na mpango linaweza kufuatwa kwa notisi ya uwakala, ambapo benki au mteja anayedaiwa na fundi anaamriwa kuipeleka pesa hiyo moja kwa moja KRA. Hebu fikiria hoteli ipokee notisi ya namna hiyo kuhusu fundi wake.

Tarehe ndani ya mwezi nayo ina maana. Wateja wa nyumbani wa fundi huyu ni watu wa mshahara, pesa zao huja mwanzo wa mwezi, kwa hiyo tuliomba tarehe 10. Yeye hulipa tarehe 6 au 7. Kila fungu linatolewa namba ya malipo, PRN, kwenye iTax kwa "Payment Registration", na hapo ndipo kosa la kimya hutokea. Ukichagua mwaka wa kodi usio sahihi, pesa inapokelewa, risiti inatoka, lakini inakaa kama ziada kwenye mwaka mwingine huku fungu la deni likionekana halijalipwa. Risiti haikwambii hilo. Baada ya siku chache fungua leja, utazame kama salio la mwaka ule wa deni limeshuka kwa kiasi kilekile. Halikushuka? Andika barua siku hiyohiyo, uambatanishe risiti, uombe pesa ihamishwe.

Na ukiona mwezi unaelekea kuharibika, iandikie KRA kabla ya tarehe ya fungu, ukiomba marekebisho na kuonyesha kilichotokea. Mwezi Julai fundi wetu aliugua wiki mbili. Alinipigia tarehe 1, si tarehe 11, na kwa kuwa fungu lilikuwa 8,000 tu, aliomba kijana wake amalizie kazi moja ya Bamburi, pesa ikapatikana tarehe 9. Lingekuwa 15,000, siku hiyo ningekuwa naandika barua nyingine.