QR ya malipo ya bitkoini: anwani na kiasi vinaingiaje mle?

"Nikiskani QR ya muuzaji, pochi inajaza anwani na kiasi yenyewe. Inauliza seva au vyote vimo mle?"

Vyote vimo mle, hakuna seva inayoulizwa. Ile picha ni mstari mmoja wa maandishi, kwa muundo uitwao BIP21:

```
bitcoin:bc1qw508d6qejxtdg4y5r3zarvary0c5xw7kv8f3t4?amount=0.0015
```

Anwani inaishia kwenye alama ya kuuliza, kiasi kinafuata. Kuna wanaosema kuwa kiasi huandikwa kwa satoshi, yaani vipande vidogo kabisa vya bitkoini; wamepatia nusu: pochi huhesabu hivyo kwa ndani, lakini kwenye msimbo ni bitkoini kwa desimali. Hiyo 0.0015 ni satoshi 150,000. Ukiandika `amount=150000` umeomba bitkoini laki moja na nusu, na mteja ataambiwa salio halitoshi. Nimeunda kurasa za malipo za maduka, na kosa hili ndilo ninaloliona zaidi. Mkato nao haufai kwenye desimali, ni nukta tu.

Anwani ya namna hiyo ina herufi sita za mwisho za kukagua makosa, kwa hiyo ukikosea herufi moja pochi inaikataa. Kiasi hakina kinga hiyo, na mlipaji kwa kawaida anaweza kukibadilisha kabla ya kutuma. Msimbo unaomba tu, haulazimishi.

— Yangu inaanza na `lnbc1500u`, sioni amount popote. Imeharibika?

— Hapana, hiyo ni ankara ya Lightning, mtandao wa malipo ya haraka ya bitkoini. Kiasi ni hiyo `1500u`, yaani 0.0015 ileile. Ila hiyo ina muda wa kuisha, usiichapishe ukutani.